Maswali ya kukunja mchemraba: kukunja kichwani, kuondoa pande zinazotazamana au kuzungusha kona, ipi inafaa?

Kijana_wa_Mchujo:
Wakuu habari, nina usaili wa mchujo karibuni na nimeona kwenye maswali ya mazoezi kuna yale ya boksi lililofunguliwa, unapewa mchoro bapa halafu michemraba minne uchague upi unatokana nao. Nimekutana na njia tatu. Kwanza kulikunja boksi kichwani mpaka ulione, pili kutafuta pande zinazotazamana halafu ufute majibu, tatu hii ya kuzungusha kona ambayo sijaielewa vizuri. Muda ni mchache, nishike ipi? Mfano ninaobishana nao ni huu:

```
    1
  4 2 3
    5
    6
```

Majibu:
A: juu 1, mbele 5, kulia 3
B: juu 3, mbele 1, kulia 2
C: juu 2, mbele 1, kulia 3
D: juu 6, mbele 4, kulia 2

Mwelekeo wa namba wanasema usiuangalie, angalia tu namba ipi iko wapi.

Mzee_wa_Ludo:
Mkuu usijichoshe, dadu ni dadu, pande zinazotazamana zinajumlisha 7 siku zote, 1 na 6, 2 na 5, 3 na 4. Jibu lolote lenye namba mbili zinazofika 7 unafuta, basi, mimi nacheza ludo tangu mtoto.

Mwl_Kibao:
Mzee wangu, kwa dadu ya ludo uko sawa kabisa, ila mchoro wa mtihani haulazimiki kuwa dadu ya dukani. Hebu jaribu sheria yako hapo juu, hakuna jibu hata moja lenye namba mbili zinazofika 7, kwa hiyo unabaki na majibu yote manne. Wanaotunga maswali wanajua watu wamezoea 7, ndiyo maana hapo 3 na 4 zinatazamana kweli ukadhani mambo yamekaa sawa, kumbe 1 inatazamana na 5 na 2 inatazamana na 6.

Kijana, mimi nakushauri uanze na pande zinazotazamana. Kwenye mstari mnyoofu ruka mmoja, unaofuata ndio mwenzake, na pande mbili zinazotazamana huwezi kuziona pamoja kwenye picha ya mchemraba. A ina 1 na 5, nje. D ina 6 na 2, nje. Hiyo ni sekunde chache tu na hujakunja chochote. Tatizo ni kwamba njia hii inaishia hapo, maana B na C zina namba zilezile 1, 2 na 3, hakuna zinazotazamana, moja ni kweli na nyingine ni kama inavyoonekana kwenye kioo. Hapo ndipo unahitaji kona.

Tafuta kwenye mchoro sehemu ambapo pande tatu zinagusana ncha. 1, 2 na 3 zinakutana kwenye ncha ya juu kulia ya ile 2. Zunguka ncha hiyo kufuata mshale wa saa, anza na 1, utakuta 3, halafu 2. Mpangilio ni 1-3-2, na hauvunjiki ukikunja maandishi yakibaki nje. Sasa nenda kwenye picha ya mchemraba, ncha iliyo karibu na wewe, mshale wa saa unatoka juu kwenda kulia kwenda mbele. B inasoma 3-2-1, ambayo ukianzia kwenye 1 ni 1-3-2, imekubali. C inasoma 2-3-1, yaani 1-2-3, imegeuka. Jibu ni B.

Binti_Mwanza:
Mwalimu samahani lakini mimi nimekata karatasi kabisa nikakunja nikapata C, na karatasi haidanganyi.

Mwl_Kibao:
Dada, ulikunja pande zikija kwako au zikienda nyuma ya mchoro? Ukizileta kwako namba zinaingia ndani ya boksi, na kama karatasi ni nyepesi unazisoma kwa nje zikiwa zimegeuka, ndiyo unapata C. Rudia ukisukuma pande ziende nyuma, namba zibaki nje.

Binti_Mwanza:
Nimerudia, imekuwa B. Ila mbona swali halikusema maandishi yawe nje?

Fundi_Katoni:
Mimi kazi yangu ni kutengeneza maboksi ya keki, kichwani nakunja kila siku na sihitaji hizo sheria, naona mchoro naona boksi. Nakubali kwamba kwa mtu asiyezoea itachukua muda. Ila nina swali kwa mwalimu, hiyo ya kuruka mmoja inafanyaje kazi kama hakuna mstari mrefu? Kama ngazi hivi:

```
1 2
  3 4
    5 6
```

Mwl_Kibao:
Swali zuri fundi. Maumbo ya mchemraba uliofunguliwa yako 11 tu, na 6 kati yake yana mstari wa pande nne na kiboksi kimoja kila upande wa mstari. Hivyo viwili vya pembeni vinatazamana hata kama kimoja kiko juu na kingine chini kabisa, usihangaike. Hiyo ngazi yako haina hata mstari wa tatu, kwa hiyo unatembea nayo kama ulivyoiandika, hatua ya 1 inatazamana na ya 4, ya 2 na ya 5, ya 3 na ya 6. Ukikunja huku 3 ikiwa mbele, 2 inakwenda juu na 1 inashuka kushoto, 4 iko kulia, umeona zinatazamana.

Daktari_Mtarajiwa:
Mimi niko Marekani najiandaa na DAT ya kuingia chuo cha meno, sehemu ya PAT ina maswali 90 kwa dakika 60 na kuna hizi za karatasi inakunjwa halafu inatobolewa. Naona ikikunjwa mara mbili jibu ni matundu manne, kweli?

Mwl_Kibao:
Hiyo ni swali lingine dada, ila jibu ni hapana, si kila mara. Idadi ya matundu ni idadi ya tabaka pale sindano ilipopita. Ukikunja nusu kwa nusu mara mbili kila sehemu ina tabaka nne, sawa, matundu manne. Ila ukikunja kona moja tu ya karatasi, sehemu kubwa inabaki tabaka moja, ukitoboa pale ni tundu moja. Kunjua kwa kurudi nyuma, mkunjo wa mwisho kwanza, kila ukifungua, kama tundu liko pale mkunjo ulipolalia unaweka tundu pacha ng'ambo ya mstari wa mkunjo, umbali uleule. Chora viboksi 16 pembeni uweke alama, usibebe kichwani.

Kijana_wa_Mchujo:
Nimeelewa ya kona. Sasa zikija zenye mishale au herufi T, ambapo mwelekeo una maana?

Mwl_Kibao:
Uliza mguu wa herufi unagusa upande gani. Kwenye mchoro wako namba zote zimesimama, mguu wa 1 unagusa 2, kwa hiyo kwenye picha ya B ile 1 lazima ilale, mguu ukielekea kulia kwenye 2. Ikichorwa imesimama, B nayo inaanguka. Kwa 6 ni pagumu kidogo, mguu wake hauna jirani kwenye karatasi ila ukikunja unagusa kichwa cha 1.

Fundi_Katoni:
Hapo sasa mimi bado naona kukunja kichwani ni haraka kuliko kuuliza miguu.

Binti_Mwanza:
Kwako fundi. Mimi kwenye zenye T nimejaribu zote mbili na kukunja kichwani napotea nikifika upande wa nne. Na lile swali langu la maandishi nje au ndani halijajibiwa, likija bila maelezo tufanyeje?

Mwl_Kibao:
Chukulia nje, maana ya ndani usingeyaona kwenye picha. Ila B na C zote zikiwepo na maelezo hayapo, soma mfano uliotatuliwa mwanzoni mwa karatasi, uzungushe kona yake uone wao walikunja kwenda wapi.