Faili zimekuwa baiti sifuri kwenye kanda zote mbili, nianzie wapi kuziokoa?

Zamu_ya_Usiku:
Wakuu, nimekwama. Nina ndoo ya S3 iliyoko eu-west-1, na mwezi wa tatu niliweka kanuni ya kunakili kila kinachoingia kwenda ndoo nyingine iliyoko eu-central-1. Ijumaa usiku skripti yangu ya kubana picha ilikosa nafasi kwenye diski, ikatoa faili tupu, kisha ikazipakia kwa majina yale yale. Faili kama 31,000 sasa zina baiti 0. Nikakimbilia ndoo ya pili, nako ni tupu vilevile. Sasa ile nakala ilikuwa ya nini? Leo ni Jumanne.

Kibogoyo:
Pole. Ndiyo maana mimi hunakili kila kitu kwenye diski ya nje kila Jumapili. Nunua diski mkuu.

Zamu_ya_Usiku:
Ni terabaiti 9, ndugu yangu.

Mzee_wa_Logi:
Tulia kwanza. Kunakili kati ya kanda hubeba kila unachoandika, na kosa lako liliandikwa kihalali kabisa, kwa hiyo lilisafiri. Lakini S3 haikubali kanuni hiyo kama matoleo hayajawashwa kwenye ndoo zote mbili. Maana yake picha zako za zamani zipo chini ya hizo tupu. Chukua faili moja uangalie:

```
aws s3api list-object-versions --bucket ndoo-kuu \
  --prefix picha/0417.jpg
```

Ukiona toleo lenye `IsLatest` true na `Size` 0, na chini yake jingine lenye ukubwa wa kawaida, umepona. Una kanuni yoyote inayofuta matoleo ya zamani?

Zamu_ya_Usiku:
Lipo! Lina 2.3 MB, ila kwenye VersionId limeandikwa `null`. Na ndiyo, ipo kanuni, `NoncurrentDays` 7. Niliiweka kupunguza bili.

Mzee_wa_Logi:
Basi izime sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma ujumbe huu. Siku saba zilianza kuhesabiwa pale toleo zuri lilipofunikwa, yaani Ijumaa. Kagua na ndoo ya pili, kwa sababu kanuni za kufuta hazinakiliwi, kila ndoo ina zake. Hiyo `null` isikutishe, ni faili iliyoingia kabla hujawasha matoleo.

Zamu_ya_Usiku:
Nimezima kote. Lakini ajabu, kwenye ndoo ya pili faili hiyo hiyo ina toleo moja tu, lile tupu.

Mzee_wa_Logi:
Si ajabu. Kanuni inashughulikia vinavyoingia baada ya kuiwasha. Vya kabla ya mwezi wa tatu havikuvuka kamwe, mpaka uendeshe Batch Replication. Cha kwanza kuvuka kwa jina hilo kilikuwa takataka ya Ijumaa. Kwa faili za zamani, hiyo ndoo ya pili haikuwa kinga hata siku moja.

Chapchap:
Njia fupi: futa toleo tupu kwa VersionId yake. La chini linapanda lenyewe, na ndoo ya pili itajirekebisha.

Mzee_wa_Logi:
Nusu ya kwanza ni kweli. Ya pili siyo. Ufutaji wa toleo kwa kitambulisho chake haunakiliwi, umezuiwa makusudi ili mhalifu asifute kanda zote mbili kwa amri moja. Ndoo kuu ingepona, ya pili ingebaki tupu, na ungegundua siku kanda imezimika. Nakili toleo zuri juu ya jina lake:

```
aws s3api copy-object --bucket ndoo-kuu --key picha/0417.jpg \
  --copy-source "ndoo-kuu/picha/0417.jpg?versionId=null"
```

Hilo linahesabika kuwa toleo jipya, kwa hiyo linavuka lenyewe. Amri hii inaishia GB 5 kwa faili, picha hazifiki huko. Jaribu kumi kwanza, kisha uangalie `ReplicationStatus` kwa `head-object`: itatoka `PENDING` hadi `COMPLETED`.

Mama_Seva:
Kwangu ilikuwa `FAILED` kwa wiki nzima bila mtu kujua. Faili zilifungwa kwa ufunguo wa KMS na ruhusa ya kuutumia haikutolewa kwa kanuni. Weka tahadhari kwenye hizo hali, usisubiri kuzikagua kwa mkono.

Zamu_ya_Usiku:
Kumi zimerudi, `COMPLETED`, na kwenye ndoo ya pili zinaonyesha `REPLICA`. Nimeanzisha zilizobaki. Swali la mwisho: kanda ya kwanza ikizimika wakati maelfu yako `PENDING`?

Mzee_wa_Logi:
Hayo hutayaona mpaka kanda irudi. Kuna nyongeza ya kulipia, RTC, iliyopangwa kuvusha 99.99% ndani ya dakika 15. Mimi sijaona inalipa kwa picha.

Mama_Seva:
Mimi nailipia, na sijutii. Kilichonisumbua ni kurudi: tulipohamia kanda ya pili tukaandika huko, na hatukuwa na kanuni ya kunakili kinyume. Zamu, programu yako inajua jina la ndoo ya pili, au limeandikwa moja tu ndani ya msimbo?

Zamu_ya_Usiku:
Moja tu. Nimefika faili 12,000, nitarudi.