Chakula cha treni Dodoma–Kigoma kwa mtu mwenye kiungulia

Kijana wa Kizota
Wakuu, habari. Mama mdogo anapanda treni ya reli ya zamani hapa Dodoma jioni kwenda Kigoma. Atalala njiani, na kesho yake bado atashinda humo. Ana kiungulia, mafuta na pilipili havipatani naye. Nataka nimpikie wali wa nazi na kuku, nifunge kwenye kontena. Utafika?

Bibi Ungo
Wali wa nazi hapana, mwanangu. Mchele una vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukikaa vuguvugu zinaamka na kutoa sumu, na sumu hiyo hata upashe moto haitoki. Ukiteleza na kunata, tupa. Ubaya ni kwamba mara nyingine hautoi hata harufu.

Mfungie chapati kavu. Unga nusu kilo, chumvi kijiko cha chai, mafuta vijiko viwili vya chakula kwenye donge, maji ya vuguvugu. Usitie maziwa, yai wala tui. Kikaango kipake mafuta kidogo tu, ziive mpaka zipate madoa ya kahawia pande zote.

Kinachoharibu chapati za safari ni kufungwa zikiwa na moto. Mvuke unageuka maji, za katikati zinalowa na kunata huku za juu zikionekana nzima. Zitandaze kwenye ungo moja moja, zisipandane, mpaka zipoe kabisa. Kisha zifunge kwa kitambaa safi cha pamba, si mfuko wa plastiki. Atakayezifunga anawe mikono kwa sabuni.

Fundi Bakuli
Mnahangaika bure. Chukua hotipoti, wali utafika Kigoma wa moto.

Bibi Ungo
Kwa mlo wa jioni, sawa. Isuuze kwanza kwa maji yanayochemka, jaza wali mweupe ukitoka jikoni, ale ndani ya saa tatu hivi. Usiku ukiingia unabaki vuguvugu, na hapo ndipo wali unapoharibikia.

Mama Pacha
Na mimi wanangu wanatapika kila tukipanda basi la Singida. Niwape chapati pia?

Bibi Ungo
Hicho ni kichefuchefu cha mwendo, mama, si chakula kibovu. Wale kidogo kabla ya kuondoka, wakae viti vya mbele.

Msukuma wa Area C
Matobolwa mmeyasahau? Viazi vitamu vilivyochemshwa, vikakatwa na kuanikwa. Vinakaa miezi vikiwa vikavu. Konzi moja kwa mlo na maji mengi, maana vinavimba tumboni. Aongeze ndizi mbivu. Mayai ya kuchemsha nayo yanafaa.

Bibi Ungo
Mayai ayale jioni ileile, yasingoje kesho.

Msukuma wa Area C
Kwetu yanalala na maganda yake na watu wanakula asubuhi.

Bibi Ungo
Wanakula, ndiyo. Mwenye tumbo bovu mimi simpi.

Kijana wa Kizota
Asanteni. Ila mama mdogo ana meno ya bandia, matobolwa si yatamshinda?

Msukuma wa Area C
Aloweke machache kwenye kikombe, kwa maji ya chupa, mpaka yalainike. Yakishalowa ayale hapohapo, asiyarudishe mfukoni na makavu.