Singo kebini au dabo kebini kwa fundi wa taili anayebeba watu na vifaa?

Fundi Taili, Mtwapa
Nafanya kazi za taili na plasta. Tuko watu 5 pamoja nami. Nabeba vifaa, na mara nyingi nachukua taili na gundi mwenyewe dukani. Kazi ziko Nyali, Bamburi na hapa Mtwapa, mara moja moja Kilifi au Diani. Pesa niliyo nayo yatosha pikapu moja iliyotumika. Nichukue singo kebini au dabo kebini? Naomba wajibu wanaojua.

Mkandarasi, Nyali
Anza na uzito, viti baadaye. Fungua mlango wa dereva utafute kibati chenye uzito wa juu kabisa ambao gari laruhusiwa kuwa nao, kisha utoe uzito wa gari tupu. Kinachobaki ndicho unachogawanya kati ya watu na mzigo. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanahesabu mzigo wa nyuma peke yake na kusahau kwamba walioko ndani nao wana kilo.

Tuseme dabo uliyoiona imebakiwa na kilo 900, na singo ya aina hiyo hiyo kilo 1,100. Gari halisi utalisoma mwenyewe, lakini kwa kawaida dabo hubeba pungufu, maana kebini yake ndefu ina uzito wake. Watu 5 kwa kilo 75 ni kilo 375. Mashine ya kukatia taili, drili ya kuchanganyia gundi, jenereta ndogo, ndoo na vyuma vingine tuviite kilo 150. Katika dabo umebaki na kilo 375. Katoni moja ya taili za 60 kwa 60, zile za vipande 4, hufika karibu kilo 30. Kwa hiyo unapakia katoni 12, nazo zinatandika kama mita mraba 17. Hicho ni chumba kimoja kikubwa, na bado hujaweka mfuko hata mmoja wa gundi.

Singo yenye watu 2 ndani na vifaa vile vile inabakiwa na kilo 800. Hizo ni katoni 26, karibu mita mraba 37. Watu 3 waliobaki watapanda matatu. Ukichukua taili mwenyewe, kwangu jibu ni singo.

Kijana wa Kongowea
Mbona mnapoteza wakati? Chukua singo, ongeza springi za nyuma majani mawili kila upande, weka benchi kwenye bodi. Watu 3 wanakaa nyuma na vifaa. Na dabo pia ukiiongeza springi inabeba kama singo. Shida ya kilo imekwisha.

Mzee wa Gereji, Changamwe
Mwanangu, nusu ya maneno yako ni kweli. Springi zikiongezwa gari haliinami nyuma, nalo laonekana linamudu. Lakini ekseli, breki, tairi na chesi ni zile zile. Umeondoa dalili, mzigo ukabaki.

Kwa dabo jambo hili ni baya zaidi, na sababu yake ni umbo. Kwenye Hilux ya kawaida, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma hukaribia mita 3 kwa singo na kwa dabo. Kebini ya dabo imerefushwa kwa kukata bodi upande wa mbele, ndiyo maana bodi ya singo ina mita 2.3 na ya dabo mita 1.5. Mzigo wa singo unakaa karibu juu ya ekseli ya nyuma. Wa dabo, ukijaza bodi, kitovu chake kinakwenda nyuma ya ekseli kama sentimita 45. Weka hapo kilo 600 na utakuwa umeinua kilo 90 kutoka magurudumu ya mbele. Usukani unakuwa mwepesi mkononi, taa zinamulika juu, na breki za mbele hazishiki kama ulivyozoea.

Ikiendelea hivyo miaka kadhaa, chesi inapinda nyuma kidogo tu ya kebini. Fundi Taili, ukienda kutazama dabo iliyotumika, simama ubavuni uangalie ule mwanya kati ya kebini na bodi. Uwe sawa juu na chini. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, mkia umeshuka, chesi imepinda. Ingia chini na tochi, tazama pale pale kama pana kiraka kimechomelewa. Ukikikuta, mrudishie mwenyewe ufunguo.

Wakala wa Bima, Kizingo
Niongeze kwa lile benchi. Kubeba watu kwenye bodi ni kosa, na hilo ndilo dogo. Soma kitabu cha gari: kimeandika idadi ya abiria. Singo ya watu 2 ikipinduka na watu 5, wewe ndiye unayebeba gharama za wale 3. Na usidhani kwamba ajali ya njiani haihusiani na kazi. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007 inaihesabu safari kuwa sehemu ya kazi, ikiwa unawabeba wafanyakazi bure kwenda au kutoka kazini kwa gari ulilolitenga kwa safari hiyo. Hata ukinunua dabo, hakikisha bima yako imewataja abiria wafanyakazi. Bima ya kibiashara inayotaja mizigo yako mwenyewe haimaanishi walioko ndani wamelindwa.

Mwenye Canter, Mikindani
Kwa mchanga na kokoto pikapu yoyote ni hasara. Nunua Canter, kwa safari moja umemaliza.

Mkandarasi, Nyali
Ndugu, hakuuliza mchanga. Ni taili na watu.

Foremani, Bombolulu
Mimi napingana na Mkandarasi, ingawa hesabu yake ya kilo siikatai. Amehesabu kana kwamba taili hubebwa kila siku. Nyumba ya mita mraba 120 taili zake zinanunuliwa mara moja, na duka kubwa la vifaa lina lori la kupeleka. Siku hiyo moja dabo inakuwa ndogo kweli, lakini siku zote zinazofuata kinachotembea ni watu 5 na kilo 150 za vifaa, na hapo dabo inatosha na kubaki. Mtu akinunua gari kwa ajili ya siku moja kati ya 12, siku 11 anateseka.

Na hao watu 3 wa matatu wanafika saa ngapi? Mmoja atoka Likoni, asubuhi ana feri. Mwingine amekwama darajani Nyali. Gundi ikishachanganywa haingoji mtu, na kwa joto letu hili inaanza kukaza ndani ya ndoo mapema kuliko mfuko unavyosema. Fundi akiwa peke yake bila wa kumpa taili na kumkatia, ataichanganya kidogo kidogo na siku itakwisha. Dabo inawafikisha wote pamoja na vifaa vyao, saa moja asubuhi mmeshaanza.

Kuna na wizi. Drili, grinda na leza ya kupimia zinafungiwa ndani ya kebini mkienda kula. Kwenye singo unazifungia wapi?

Mkandarasi, Nyali
Mama, la lori la duka umenishika, ikiwa duka linapeleka bure au kwa bei nafuu. Basi Fundi Taili aandike kwenye karatasi mambo mawili: nauli ya watu 3 kwenda na kurudi kwa siku zote za kazi moja, na gharama ya duka kumpelekea taili kwa kazi hiyo hiyo. Nauli ikizidi, dabo. Gharama ya kupelekewa ikizidi, singo. Aandike kwa kazi 3 alizomaliza karibuni, asikisie.

La wizi sikubali. Sanduku la chuma lililofungwa kwa bolti kwenye sakafu ya bodi, mbele kabisa likigusa kebini, linafunga vizuri kuliko kioo cha mlango wa dabo. Kwenye bodi ya mita 2.3 likichukua sentimita 50 huhisi. Kwenye mita 1.5, theluthi imekwenda.

Fundi Taili, Mtwapa
Ahsanteni. Duka ninalonunua linapeleka, ila linatoza, na kwa Kilifi bei inapanda. Nina swali jingine. Rula yangu ya alumini ni mita 3, na mbao za jukwaa la plasta ni mita 3 na zaidi. Dabo itabeba vipi?

Mzee wa Gereji, Changamwe
Kwenye singo itatokeza nyuma sentimita 70, funga kitambaa chekundu uende. Kwenye dabo nusu nzima itakuwa nje, hata ukilaza mshazari hupati zaidi ya mita 2 na kidogo. Dawa ni keria ya chuma inayosimama juu ya bodi na kupita juu ya kebini bila kuigusa. Miguu yake yote iwe kwenye bodi, maana kebini na bodi hazitembei pamoja gari likipita mashimo. Mguu mmoja ukiuweka juu ya paa, paa litachanika pembeni na maji yataingia.

Na jambo la taili, kwa gari lolote: katoni zisimame kwa ubavu, migongo ikiegemea ukuta wa mbele wa bodi, usizilaze. Kwa dabo hilo la kusogeza mbele ni lazima, kwa sababu ya zile kilo 90.

Angalia pia tundu za kutolea maji kwenye pembe za bodi. Vumbi la taili na simenti likikutana na maji linaziziba, na hewa yetu ya chumvi inamaliza kazi. Ukikuta bodi ina kitanda cha plastiki, inua ukingo wake kabla ya kulipa. Kutu hukaa chini yake, juu panang'aa.

Kijana wa Kongowea
La benchi nimeliacha. Lakini kwa kazi ya Diani? Watu 3 wa matatu wavuke feri kwa miguu, kule wapande nyingine, na singo ipite Dongo Kundu peke yake?

Foremani, Bombolulu
Ndiyo nasema dabo.

Mkandarasi, Nyali
Kwa Diani hata mimi ningewalaza vijana kule kule mpaka kazi iishe, na gari libaki singo. Kazi ya siku moja Diani, Mama ana haki. Fundi, umesema Kilifi na Diani ni mara moja moja. Katika mwaka, ni ngapi hasa?

Fundi Taili, Mtwapa
Nitahesabu kwenye daftari la kazi. Kesho nakwenda kutazama dabo moja Miritini, na tochi nimeshaiweka mfukoni.