Barua ya rufaa imejibu hoja mbili, ya tatu wameimeza

Mtu_wa_Stoo: Jamani wa hoteli za Kaskazini, yule bosi mnamjua nyote sina haja ya kumtaja. Leo kanipa barua ya majibu ya rufaa yangu. Kufukuzwa kuko pale pale. Imeandikwa "hoja zako zote zimezingatiwa", halafu wamezitaja: moja, adhabu kubwa, imekataliwa. Mbili, sikupewa muda wa kujitayarisha na kikao, imekataliwa. Basi! Ya tatu iko wapi?? Ya tatu ndo kesi yenyewe, kwamba usiku ule boksi za pweza zilipopotea mie nilikuwa ofu, na kitabu cha geti cha walinzi kinaonesha nimesaini kutoka wakati wa magharibi, sikurudi mpaka asubuhi. ZOTE zimezingatiwa, na ya tatu haipo hata mstari! Mwisho eti "mchakato wa ndani umemalizika", yaani nyamaza nenda ukalale. Nimeisoma barua mpaka wino unataka kuhama. ZOTE!

Bi_Mkubwa_Mwera: pweza wenyewe walikuwa watamu lakini? 😂

Kijana_wa_Dar: Pole kaka. Nenda CMA, ile tume ya usuluhishi na uamuzi, ndani ya siku 30, unajaza fomu tu.

Sheha_Mstaafu: Hiyo ya bara, mwanangu. Huku Unguja tuna Sheria ya Ajira namba 11 na ya Mahusiano Kazini namba 1, zote za 2005, na migogoro inakwenda kile kitengo cha kazi chetu wenyewe, ukishindwa kusuluhishwa ndo Mahakama ya Kazi. Wewe wa stoo, huo mstari wa mwisho usiukasirikie, ndo unaoonesha huna tena pa kukata rufaa ndani, sasa toka nje. Nakuuliza, barua yako ya rufaa waliigonga muhuri wa kupokelewa?

Mtu_wa_Stoo: Imegongwa muhuri, nakala ninayo, hoja ya tatu iko ukurasa wa pili. Na wameandika ZOTE!

Sheha_Mstaafu: Basi ziweke pamoja hizo barua mbili, yako na yao, atakayezisoma ataona mwenyewe kilichorukwa. Kitabu cha geti andika leo uombe kihifadhiwe, vitabu hivyo hupotea ghafla. Na usikae, muda unakwenda.

Kijana_wa_Dar: Muda si unaanzia kwenye barua ya majibu ya rufaa?

Sheha_Mstaafu: Wao watasema unaanzia siku uliyofukuzwa. Usiende kubishana nalo, wahi tu.

Mpemba_Halisi: nyie angalau mna barua, mie Masika hoteli ikafungwa nkaambiwa nenda nyumbani tutakupigia, mpaka leo simu haijalia

Bi_Mkubwa_Mwera: Weee, na sevis chaji je? Ya kwetu kila mwezi inapungua, wageni wamejaa

Mpemba_Halisi: sevis chaji!! usinianzishe, hebu fungua uzi wake tuje