Msaidizi wa nyumbani amenizidi miaka 19: nimpokeeje asubuhi ya kwanza?

Mwanasakina, Ijumaa, saa 3:10 usiku

Salaam kwenu nyote. Ninaishi Sakina, Arusha, na mume wangu na watoto wawili, mmoja wa miaka 5 na mwingine wa miezi 8. Jumapili jioni nitampokea stendi mama mmoja anayetoka Kondoa, anayekuja kunisaidia kazi za nyumbani na kumlea mtoto mdogo. Mimi nina miaka 28, yeye ana miaka 47, na mtoto wake wa kwanza karibu tunalingana. Mshahara na siku ya kupumzika tulishakubaliana kwa simu, mdogo wake aliyetuunganisha akiwa anasikiliza. Kinachonisumbua ni asubuhi ya Jumatatu.

Binti aliyemtangulia aliondoka baada ya wiki tatu bila kugombana na mtu yeyote. Jirani ndiye aliyenieleza baadaye kwamba binti yule alikuwa na kinyongo tangu siku ya kwanza, kwa sababu nilimwita kutoka sebuleni nikiwa na mkoba begani, nikamtajia kazi moja baada ya nyingine, kuanzia vyombo hadi nguo za mtoto, kabla hata hajanawa uso. Ni kweli nilifanya hivyo, na sitaki kurudia.

Naomba mnisaidie. Kati yangu na mama huyu, nani anapaswa kumwamkia mwenzake? Watoto wangu wamezoea kumwita kila msaidizi "dada". Je, huyu naye wamwite hivyo? Na kazi nianze kumweleza wakati gani? Nimeomba ruhusa kazini Jumatatu na Jumanne ili niwepo nyumbani.

BibiMwalimu_Rau, Ijumaa, saa 4:02 usiku

Mwanangu, mimi ni mwalimu mstaafu, niko Moshi, na nimeishi na wasaidizi wa kila umri. Shikamoo hufuata umri, haifuati mshahara. Mama wa miaka 47 ni wa kuamkiwa na wewe, hata kama wewe ndiye unayemlipa. Lakini ujiandae kwa jambo moja: mtu aliyewahi kufanya kazi katika nyumba za watu mara nyingi atakuwahi yeye, akakupa shikamoo wewe mdogo kwake, kwa sababu ndivyo alivyozoezwa huko alikotoka. Akikuwahi, usiitikie "marahaba". Ukiitikia siku hiyo, umeshaipokea, na itakuwa vigumu kuirudisha. Mwambie kwa sauti ya chini, mkiwa wawili tu, "Hapana mama, mimi ndiye mdogo, shikamoo." Akishaitikia, endelea na maneno mengine bila kulifanya kuwa hotuba.

Mfuate mlangoni kwake, piga hodi na usubiri akukaribishe. Kwa kuwa anatoka Kondoa, huenda ni Mwislamu. Ikiwa ndivyo, ukisikia ameamka alfajiri mwache amalize kuswali kwanza. Mkishaamkiana, muulize ameamkaje, blanketi lilitosha kwa baridi ya Arusha, na nyumbani wamejua kwamba amefika salama? Kama hajapiga simu, mpe nafasi apige kabla ya kitu kingine chochote. Mama aliyeacha watoto wake ili aje kulea wako hawezi kutulia kabla hajasikia sauti zao.

Kuhusu jina, muulize mwenyewe: "Mama, ungependa tukuite nani hapa nyumbani?" Wengi wa umri wake watakutajia jina la mtoto wao wa kwanza. Akishalitaja, mwite mtoto wako mkubwa papo hapo, amwamkie kwa jina hilo. "Dada" ni jina zuri kwa binti wa miaka 20, lakini mtoto wa miaka 5 akimwita hivyo mwanamke anayelingana na bibi yake, amemshusha bila kujua, na kosa ni la mzazi.

Kijana_wa_Njiro, Ijumaa, saa 4:31 usiku

Nakubaliana na mwalimu kuhusu shikamoo, lakini naona mnasahau upande wa kazi. Ukimzungusha kwa salamu na chai hadi saa nne, mchana utashindwa kumwambia kwamba sakafu haijapigwa deki. Mimi namshauri aeleze kila kitu asubuhi hiyo hiyo, mshahara, muda wa kuamka na mipaka. Kuhusu siku ya kupumzika, msaidizi anayelala kwako hana haja nayo, maana yumo ndani wakati wote na hupumzika kazi zikiisha. Sheria za kazi ni za maofisini na viwandani.

BibiMwalimu_Rau, Ijumaa, saa 4:50 usiku

Kijana wangu, katika jambo la kuweka mambo wazi mapema uko sahihi, na mimi nisingependa amfiche chochote. Katika la mapumziko umekosea. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu pia msaidizi wa nyumbani, nayo inampa mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki. Kuishi kwa mwajiri kunagusa mapumziko ya kila siku tu: kwa kawaida ni saa 12, na yanaweza kupunguzwa hadi saa 8 kwa makubaliano ya maandishi. Mwanasakina na mama huyo tayari wamekubaliana siku; alilobakiza ni kulirudia mbele yake akiwa ameketi, ili asidhani yale ya kwenye simu yalikuwa ya kumvutia tu.

MamaWawili_Pasua, Jumamosi, saa 1:15 asubuhi

Mimi pia nina shida kama yako. Binti wangu wa kazi ana miaka 19, tuko Moshi, na wiki ya pili sasa hajaniamkia hata siku moja. Anapita jikoni kama haoni mtu. Nimrudishe kwao au nimwambie mama yake?

BibiMwalimu_Rau, Jumamosi, saa 2:40 asubuhi

Mama, ya kwako ni tofauti, maana wewe ndiye mkubwa. Hata hivyo mkubwa hakatazwi kuanza. Kesho asubuhi weka simu chini, mtazame, mwite kwa jina lake na umuulize, "Hujambo? Umeamkaje?" Wapo mabinti wanaonyamaza kwa sababu waliamkia mara mbili na mwenye nyumba hakuitikia akiwa anasoma ujumbe. Mjaribu siku tatu kabla ya kuwahusisha wazazi wake.

Nilipitia_Kijenge, Jumamosi, saa 6:20 mchana

Nimefanya kazi za nyumbani kwa miaka tisa kabla ya kufungua genge langu, kwa hiyo nitasema ya upande wa pili. Bosi mmoja aliyekuwa mdogo kwangu aliniamkia siku ya kwanza, nami niliogopa badala ya kufurahi, kwa sababu sikujua anataka nini. Kilichonituliza ni kikombe. Nilipokuwa nafungua kabati nitafute kikombe cha plastiki, kama kile nilichokuwa nikitengewa kwingine, alichukua vikombe viwili vya udongo vya maua, vinavyofanana, akavimiminia chai ya maziwa vyote viwili, kimoja akaniwekea mimi. Hakusema neno juu ya hilo. Dada Mwanasakina, kabla ya Jumapili angalia kabati lako; kama kuna kikombe na sahani "vya dada", viondoe.

Simuungi mkono mtu anayelazimisha kuketi meza moja, kwa sababu mimi siku za mwanzo nilishindwa kumeza chakula nikitazamwa na baba wa nyumba. Mkaribishe, na akisema atakula baadaye, mwache. Na kama nyumbani kwenu mnapika kitimoto, mwambie mapema kwa adabu, umuulize kama atahitaji sufuria zake. Asikigundue mwenyewe ndani ya friji.

Kuhusu mtoto mchanga, usimkabidhi mikononi mara mnapoamkiana. Wa miezi 8 huanza kuogopa sura ngeni, naye humsoma mama yake usoni. Akiwa mgongoni au mapajani mwako akakuona unazungumza na mgeni kwa furaha, atamzoea haraka zaidi. Mgeni akae chini, asimnyooshee mikono, amwache mtoto amtazame mpaka mwenyewe amfuate.

Mwanasakina, Jumanne, saa 2:45 usiku

Nimerudi kuwaeleza yaliyotokea. Jumapili basi lilichelewa, tukafika nyumbani saa mbili usiku, akala kidogo akalala. Jumatatu nilisikia maji yakimwagika bafuni kabla hakujapambazuka, nikasubiri hadi saa kumi na mbili na nusu, ndipo nikapiga hodi. Alifungua mlango huku ameshavaa kitenge na kushika ufagio, akasema "Shikamoo mama" kabla sijafungua kinywa. Nikamjibu kama mwalimu alivyoniambia. Alinyamaza kidogo, akauweka ufagio ukutani, ndipo akasema "Marahaba mwanangu" kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwenye simu.

Amependa tumwite Mama Asha. Mwanangu mkubwa aliteleza akamwita "dada" mara mbili. Mara ya pili alijirekebisha mwenyewe. Tulikunywa chai kibarazani na viazi vitamu, mtoto akiwa mapajani mwangu, na hapo ndipo nilipomrudia mshahara, tarehe ya kulipwa na Jumapili yake ya kupumzika. Kazi nilimweleza mbili tu, uji wa mtoto na kulaza mtoto, nyingine tukazifanya pamoja kadiri zilivyokuja. Kijana wa Njiro alikuwa na haki kidogo: kufikia mchana nguo zilikuwa hazijafuliwa, na ilinibidi nimwombe waziwazi. Alifua bila kununa.

Jambo moja lilinishtua. Nilipomwambia achemshe maziwa alisimama mbele ya jiko la gesi bila kuligusa, nami karibu niseme, "Washa basi." Nilipomtazama niliona anaishika ncha ya kitenge chake na kuikunja. Hajawahi kutumia gesi, na aliona haya kusema. Nikamwonyesha kufungua mtungi, kuwasha kiberiti kwanza kisha kuzungusha kitasa, na kuufunga mtungi kila akimaliza. Akarudia mara tatu mbele yangu. Leo jioni mtoto alimwendea kwa kutambaa na kushika kidole chake.

Limebaki moja. Mume wangu ana miaka 34, na Mama Asha bado anamwamkia yeye kila anapotoka chumbani, naye huitikia kwa mazoea. Niliseme mimi, au nimwache mume wangu alimalize mwenyewe?

Nilipitia_Kijenge, Jumanne, saa 3:05 usiku

Liache wiki moja. Kwa baba wa nyumba ni vigumu zaidi, na ukimsahihisha Mama Asha ataona amekosea kwa wote wawili.

BibiMwalimu_Rau, Jumanne, saa 3:30 usiku

Mimi nisingesubiri wiki. Zungumza na mumeo usiku huu, si na Mama Asha. Kesho mume awahi yeye kuamkia, kabla mama hajageuka kutoka jikoni.