Mrejesho: kiungio cha PVC kilichokuwa kikivuja

Niliuliza: “Kijana ninayemfundisha ufundi bomba anaunga PVC kwa makini sana, lakini kiungio kinavuja kila tukipandisha presha. Tatizo ni nini?”

Tulikipasua kwa msumeno. Ndani ya soketi kulikuwa na mchirizi mkavu, usio na gundi, toka mdomoni hadi mwisho. Kijana akapitisha kidole kwenye ncha ya bomba: kali kama kisu. Anakata vizuri, ila hapigi tupa ukingo, hivyo bomba likiingia linakwangua gundi na kuisukuma mbele. Presha ikaipata njia hiyo.

Safari hii kaupiga tupa ukingo ukalala, akapaka gundi, akasukuma huku akizungusha robo, akashikilia nusu dakika. Tuliacha saa 24 ndipo tukapima. Kiungio kikavu kabisa!