Kamati za burudani mtaani, nani kawafundisha kupanga kiingilio kwa kugawanya gharama kwa idadi ya viti?

Wakuu, nina hasira na sitazunguka. Kuna bajeti ya onesho la taarab la mtaa inazungushwa kwenye magrupu ya wasapu na watu wanaipigia makofi. Ukumbi 1,200,000. Kikundi 1,500,000. Spika na jenereta 500,000. Matangazo, vibali na walinzi 400,000. Jumla 3,600,000. Ukumbi una viti 300, kwa hiyo kamati imegawanya, ikapata 12,000, ikapiga muhuri. Kiingilio hicho!

Hiyo 12,000 inarudisha gharama endapo tu kila kiti kitakaliwa na mtu aliyelipa. Kila kiti. Na kamati hiyohiyo imeshaahidi nafasi 30 za bure kwa viongozi na ndugu wa wasanii, kwa hiyo viti vya kuuza ni 270. Ukiuza vyote, muujiza ambao mlangoni hauonekani, unaambulia 3,240,000. Hasara imeandikwa kwenye karatasi kabla mpiga kinanda hajatoka kwake.

Kosa la pili ndilo linanitoa povu. Mmoja wao kagundua hilo, akasema basi tupandishe iwe 20,000, maana hapo tunahitaji watu 180 tu. Eti "tu". Hesabu ya kurudisha gharama inakwambia unahitaji watu wangapi. Haikwambii wangapi watakuja. Ukumbi na kikundi ni bei ileile aje mtu mmoja au 300, kwa hiyo gharama haina la kusema kuhusu bei ya tiketi. Bei inatoka kwenye mfuko wa mtazamaji. Kazi ya gharama ni kukujulisha kama onesho lifanyike au lisifanyike.

Tukadirie kwa mtaa wa kawaida. Kwa 20,000 wanakuja 60, unapata 1,200,000. Kwa 12,000 wanakuja 150, ni 1,800,000. Kwa 10,000 wanakuja 180, ni 1,800,000 vilevile. Kwa 5,000 wanakuja 260, ni 1,300,000. Tazameni vizuri: hakuna bei moja inayovuka nusu ya njia. Sasa mbona advansi ya ukumbi imeshalipwa?

Mangi_wa_Jumla: Mkuu unakuza mambo. Dukani tunachukua gharama tunaongeza asilimia 30, biashara inaenda. Wangeweka 15,600 yangeisha.

Mleta uzi: Mangi, katoni ya sabuni unajua kila mche umeununua shilingi ngapi kabla hujauza. Tiketi moja imegharimu kiasi gani? Wakija 100, kila mmoja amebeba 36,000. Wakija 200, ni 18,000. Huwezi kuongeza asilimia juu ya namba usiyoijua. Una haki kwenye jambo moja: lazima kuwe na akiba ya dharura, maana jenereta likinywa dizeli zaidi hakuna atakayekurudishia.

Mama_Kadi: Sisi kwenye kamati za harusi tunagawanya hivyohivyo, kadi ya mtu mmoja na kadi ya wawili, na shughuli inafana. Kwani tofauti iko wapi?

Mleta uzi: Dada yangu, kwenye harusi una daftari la ahadi na mweka hazina anayepiga simu kila asubuhi. Mtu anachangia kwa sababu kesho na yeye atachangiwa. Mtazamaji wa taarab hakudai wala humdai. Anaandika "nipo" kwenye grupu, jioni mvua ikidondoka amelala.

Mlangoni_Usiku: Nakuunga mkono ila umesahau kuuliza ziwe bei ngapi. Taarab haiuzwi bei moja. Mtu wa mbele hanunui kiti, ananunua njia ya kwenda kutuza. Anataka anyanyuke na noti zake, acheze kidogo, afike jukwaani bila kuruka magoti ya watu, na wote wamwone. Huyo 25,000 anatoa bila kukuuliza. Wewe umemtoza 10,000, umemzawadia 15,000.

Kwa makadirio yako: mbele 50 kwa 25,000 ni 1,250,000. Katikati 130 kwa 10,000 ni 1,300,000. Nyuma 80 kwa 5,000 ni 400,000. Jumla 2,950,000, watu ni walewale 260. Tahadhari, pesa ya kutuza msiiweke kwenye bajeti, hiyo ni ya msanii.

Mleta uzi: Hapo umenena. Na ukiwa na bei tatu, chapisha rangi tatu zenye namba mfululizo na kishina kibaki kwa muuzaji. Usiku uleule hesabu vishina kwa rangi. Ndiyo takwimu pekee ya kweli utakayokuwa nayo mwakani, badala ya "ukumbi ulijaa".

Kijana_wa_Bajeti: Swali. Nini kinamzuia wa katikati kununua ya 5,000? Wakihama 40, kila mmoja kaondoka na 5,000 yenu. Hiyo ni 200,000 imeyeyuka.

Mlangoni_Usiku: Hakuna kinga kamili. Nyuma weka mabenchi badala ya viti, na tiketi zake uza mpaka Ijumaa tu. Wengine watahama tu, usijidanganye.

Bure_Ghali: Mnajichosha. Ukumbi ushalipwa, kikundi kishalipwa, pesa imeenda. Saa 3 usiku viti vitupu, fungua mlango kwa 2,000. Kila 2,000 ni faida.

Mleta uzi: Kwa usiku mmoja uko sahihi, kiti kitupu hakilipi. Lakini aliyenunua wiki mbili kabla kwa 10,000 amekaa pembeni ya aliyeingia kwa 2,000, na watasalimiana. Onesho lijalo wote watasubiri nje mpaka saa 3, na wewe hutajua kama uendelee au uahirishe. Mlangoni bei iwe juu kuliko ya awali, hata kwa 2,000.

Mlangoni_Usiku: Mimi hapo sikubaliani moja kwa moja. Kundi la majirani waliosimama ukutani wanasikiliza bure, wakiingia wananunua soda. Ningewaingiza.

Bint_Pwani: Mnabishana bei ya tiketi, hamjahesabu bajaji. Onesho likiisha saa 7 usiku hakuna daladala, kurudi ni 6,000. Kwa mtu wa 5,000 gharama yake ni 11,000. Anzeni saa 10 jioni, mmalize saa 3 usiku. Mtapata watu wengi kuliko mkipunguza 2,000.

Mleta uzi: Huyu ndiye angekuwa kwenye kamati.

Mama_Kadi: Sawa, ila kwa hesabu ya Mlangoni bado kuna upungufu wa 650,000. Inatoka wapi?

Mleta uzi: Kodisha nafasi za meza kwa mama lishe na wauza soda, sita kwa 50,000, zilipwe kabla: 300,000. Zinabaki 350,000. Hapo ni mfadhili mwenye bango lake, au kikundi kikubali kushuka. Kikubwa ni kwamba 350,000 hiyo inatafutwa kabla ya advansi, wakati bado unaweza kumwambia mwenye ukumbi hapana.

Kijana_wa_Bajeti: Na kama advansi imeshatoka na hairudishwi?

Mleta uzi: Basi isiingie tena kwenye hesabu. Kama advansi ilikuwa 400,000, kilichobaki kulipa ni 3,200,000. Kama tiketi na meza vinatarajiwa kuleta 3,250,000, endeleeni. Kama ni 2,500,000, futeni leo, mpoteze 400,000 badala ya milioni na zaidi.